Nusu Hajiri

Jumanne, kituo cha Darbhanga

Daftari hili halikununuliwa kwa ajili ya habari. Baba mdogo alilichukua kwa muuza karatasi nje ya kituo, rupia kumi, akanitia mkononi: "Kurasa za mbele ni za hajiri. Za nyuma fanya utakavyo." Basi naanzia nyuma.

Baba mdogo si ndugu wa damu. Kwetu Mithila, kaskazini mwa Bihar, mwanamume yeyote wa kijijini aliye marika ya baba yako ni baba yako pia, na huyu ndiye aliyenitafutia kazi. Amejenga maghorofa ya Mumbai tangu mimi nachunga mbuzi. Nina miaka 22, nimeoa Mei iliyopita, na sijawahi kufika mbali zaidi ya Patna.

Mkandarasi alituma rupia 5,000 za utangulizi. Nne nimemwachia mama, moja nikampa mke wangu, akaifunga kwenye pindo la sari bila kuihesabu. Tuliondoka siku ya tatu baada ya Chhath. Sikukuu hiyo ya kuliabudu jua ndiyo inayowarudisha kwetu wanaume wote, na ikiisha huwachukua tena kwa mkupuo mmoja. Jukwaani hapakuwa na mahali pa kutua mguu.

Treni inaanzia Jaynagar, mpakani na Nepal, kwa hiyo ilitufikia imeshajaa. Mabehewa ya jumla, yale yasiyo na nafasi za kukatia, huwa machache, huku mwanzo na huku mwisho wa treni. Mlangoni watu walikuwa wamegandamana. Baba mdogo hakuhangaika na mlango. Madirisha ya behewa yana nondo, isipokuwa lile moja la dharura, na alilijua lilipo. Akanisukuma ndani kichwa kwanza, nikaangukia mapaja ya mzee mmoja, begi likafuata, kisha gunia, kisha yeye mwenyewe.

Mzee hakukasirika. Aliuliza tu, "Kijiji gani?"

Jumatano, sijui ni wapi, kisha Jabalpur

Usiku tulivuka mto Gandak kati ya Hajipur na Sonpur. Niliujua kwa mlio wa daraja tu, kwa maana dirisha limezibwa na migongo ya watu. Vijana wawili wamefunga gamcha zao, zile shuka za mistari tunazotupia begani, kati ya rafu mbili za mizigo, wakazifanya machela, wakalala humo juu ya vichwa vyetu. Chooni wamo watu wanne na sanduku. Ukitaka kwenda haja unawaomba watoke, wanatoka, kisha wanarudi. Nimegundua dawa yake: kutokunywa maji. Midomo imeshaanza kupasuka.

Chakula tunacho. Mama alinifungia satu, unga wa dengu zilizokaangwa, ambao ndio mkate wa msafiri kwetu. Unaukanda kwa maji kidogo, chumvi, kitunguu, pilipili mbichi na tone la mafuta ya haradali, unakaa tumboni mpaka kesho. Baba mdogo anaukanda juu ya kifuniko cha mkebe kwa vidole vitatu, wala punje haimwagiki, treni ikiyumba vyovyote.

Asubuhi tulipotoka Prayagraj tukapita daraja la Naini juu ya Yamuna. Wanawake walirusha sarafu majini. Mimi pia nilitafuta ya rupia moja. Baba mdogo akanishika mkono: "Tia mfukoni. Mto hauna njaa."

Mchana alinieleza kazi, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuogelea. Nayaandika yote kwa sababu aliniamuru niyaandike.

Kwenye saiti hakuna mshahara. Kuna hajiri, kharchi na hesabu. Hajiri ni siku yako ya kazi: ukifika asubuhi ukatoka jioni, ni moja. Ukiongezewa mpaka usiku, ni moja na nusu. Mkadamu, yaani mnyapara wa mkandarasi, ndiye anayeiandika katika kitabu chake. Kharchi ni pesa ndogo ya kila Jumapili, ya sabuni, tumbaku na vocha. Pesa yenyewe hubaki kwa mkandarasi mpaka siku ya hesabu, na siku hiyo huwa ni unapotaka kurudi nyumbani, kabla ya sikukuu ya Holi mwezi Machi.

"Na nikitaka kurudi kabla?"

"Rudi. Pesa itabaki kusubiri."

"Itanisubiri mpaka lini?"

Hakunijibu. Alikuwa anasafisha kifuniko cha mkebe.

Alhamisi, bondeni Kasara, kisha Kharghar

Tumechelewa saa nne. Bhusaval, ambako tungepita usiku wa manane, tulifika jua linachomoza, wauza ndizi wakawa wanapitisha vichana dirishani kati ya nondo. Tulinunua kimoja, tukakila chote hapo hapo pamoja na mzee wa jana.

Baada ya Igatpuri njia inaanza kuporomoka milimani, handaki baada ya handaki, na masikio yanaziba. Mara tukatoka kwenye giza, bonde likafunguka, na barabara kuu ya Nashik ikaonekana inajikunja chini yetu. Baba mdogo aliinyoosha shingo. Tangu juzi hakuwa ameangalia nje hata mara moja.

"Pale kwenye kona yenye mti," akasema. "Tulilala pale."

Ilikuwa 2020. Tarehe 24 Machi, saa mbili usiku, serikali ilitangaza kwamba nchi nzima inafungwa kuanzia saa sita usiku huo huo. Saa nne za kujiandaa. Treni zilisimamishwa. Yeye alikuwa na hajiri 71 zisizolipwa, nusu yake zikiwa za usiku. Alimpigia mkandarasi, simu ikaita. Siku ya pili ikaita. Siku ya tatu ikawa imezimwa. Wali ulipokwisha, wakaondoka kwa miguu, watu kumi na mmoja, kufuata barabara hii kupanda mlima. Walipita Nashik ndipo wakapata lori.

"Ulikwenda kudai baadaye?"

"Nilikwenda. Akaniuliza, ngapi? Nikasema 71. Akafungua kitabu, akasema 48. Mimi nilikuwa nazihesabu kichwani." Akagonga daftari hili lililokuwa gotini kwangu. "Kichwa hakina kurasa."

Mpaka Kalyan hakusema tena.

Treni ilituacha kituo cha Lokmanya Tilak, Kurla, saa tisa alasiri. Nilidhani ndipo tulipofika. Kumbe tulivuka tu kwa miguu hadi kituo kidogo cha Tilak Nagar, tukapanda treni ya mjini ya kwenda Panvel. Hapo nikajua kwamba Mumbai tunayokwenda si Mumbai. Ni Navi Mumbai, na kwa Kimarathi *navi* maana yake ni mpya: mji uliopangwa ng'ambo ya hori kuanzia miaka ya 1970, ili ule wa zamani upumue. Mama nimemwambia Bombay. Kijijini wote wanajua nipo Bombay. Sitawasahihisha.

Ndani ya treni hiyo mtu mmoja mwenye mkoba wa ofisini aliniambia, "Ee bhaiya, sogea kule." Nilifurahi. Kwetu bhaiya ni kaka mkubwa, ni neno la heshima, na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu nitoke nyumbani. Nikasogea huku nikitabasamu. Baba mdogo alisubiri yule mtu ashuke ndipo akaninong'oneza kwamba huku neno hilo wanawaitia watu wa Bihar na Uttar Pradesh, na hawakusudii kaka. Nilijaribu kukumbuka sauti yake yule bwana, kama ilikuwa na ubaya. Haikuwa nao. Alitaka nafasi tu ya kusimama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya Mankhurd treni ikatoka juu ya maji. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilikuwa sijawahi kuona maji ya chumvi: mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko ukingoni na harufu ya kitu kilichooza kwa muda mrefu. Nikatoa simu kupiga picha, nguzo za daraja zikakata kila picha. Ninazo picha sita za nguzo.

Alhamisi usiku

Mabanda ya mabati yako nyuma ya jengo, ukutani. Letu lina futi kumi kwa kumi na mbili na watu saba, nami wa nane. Vitanda ni vipande vya mbao za fomu, zile za kumwagia zege, zikiwa bado na ukoko wa saruji, zimewekwa juu ya matofali. Taa moja. Feni moja, na mwenye feni ni mpishi, maana ndiye aliyeinunua. Nje kuna mapipa ya maji ya lori, na mstari wa watu wenye ndoo.

Nilikuja na blanketi. Huko kwetu Novemba usiku unaanza kuuma. Hapa mabati yalikuwa yanatoa joto la mchana mzima, jasho likanitiririka nimekaa tu. Blanketi nimelifanya mto.

Kitanda nilichopewa kina mwenyewe. Ni mfunga nondo, yuko zamu ya usiku. Mchana analala yeye, usiku nitalala mimi, mpaka mmoja wetu ahamishwe. Sijamwona bado, lakini namjua kidogo: anapaka mafuta ya nazi kichwani, anavuta biri, na ni mfupi, kwa kuwa shimo la unyayo kwenye godoro la gunia limeishia nilipo na goti.

Baada ya wali na dengu tulipiga hesabu, mimi na baba mdogo, kwa mwanga wa simu. Hajiri yangu ni rupia 650. Mpaka Holi ni miezi minne. Nikipata hajiri 26 kwa mwezi ni 104, sawa na 67,600. Toa 5,000 za utangulizi. Toa 3,000 za mpishi kila mwezi, jumla 12,000. Toa kharchi ya 700 kila wiki, wiki kumi na sita, 11,200. Zinabaki 39,400.

Niliiangalia namba hiyo kwa muda. Sijawahi kuandika pesa yangu mwenyewe yenye tarakimu tano.

"Sasa iangalie tena," akasema baba mdogo. "Hiyo yote iko mfukoni mwa nani mpaka Machi?"

Akanionyesha pesa hupotelea wapi. Haipotei kwa mkupuo, mtu angeona. Mkadamu hukupa moja pale ulipofanya moja na nusu, akasema usiku ule kazi iliisha mapema. Au siku mashine imeharibika mkakaa hadi saa tano, anaandika kwamba hukuja. Kila wiki nusu moja. Nusu ni 325, kwa wiki kumi na sita ni 5,200, utangulizi wote na zaidi. Ukienda kudai Machi, nani anakumbuka usiku wa Novemba? Kwa hiyo daftari linafunguliwa kila Jumapili kwenye foleni ya kharchi, wakati mkadamu naye bado anakumbuka, na unamwomba atie saini yake ndogo chini ya mstari wa wiki. Si kila mkadamu atatia. Ila akiona unaandika, mkono wake unakuwa mwepesi kidogo kwa wasioandika, na mzito kidogo kwako. Ndivyo alivyosema, na akaongeza kwamba hilo nalo si zuri, lakini usingizi unampata.

Saa tatu na nusu mke wangu alipiga, kwa simu ya mama. Aliuliza nimekula, nikasema nimekula. Aliuliza nalala wapi, nikasema kitandani, chini ya feni. Kisha nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na sauti ikashuka. Akasema upande wangu ameulaza ule mto mrefu, na usiku wa jana aliamka ameutupia mguu, kama alivyozoea. Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Banda zima lilikuwa kimya, watu saba wakisikiliza dari.

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia tu?"

"Hapa pana watu."

Akacheka, cheko lile la puani ambalo mama hapendi, kisha salio likaisha. Nililala na simu tumboni. Godoro la mfunga nondo lilinuka nazi, si haradali kama nywele za kwetu. Nimezoea kulala nikinusa nywele za mtu, na hata hizi baada ya kitambo zikanitosha.

Saa tano usiku bati likapigwa kwa nondo. "Watu wanne juu! Wewe mpya pia!"

Walikuwa wanamwaga jamvi la ghorofa ya 14. Pampu ya zege ilikuwa imeziba jioni, sasa imezibuka, na magari yamepanga foleni barabarani na mapipa yao yanazunguka. Zege likishaanza kukaza kabla lingine halijamwagwa pembeni yake, hayo mawili hayashikani tena. Mshono unabaki, na maji ya mvua yatapita hapo miaka yote. Ndiyo maana hawasimami, ndiyo maana wanaamsha watu.

Ngazi hazina ukingo. Nilipanda nikiwa nimeugusa ukuta kwa kiganja, nikihesabu ghorofa. Juu palikuwa na taa kali, upepo, na watu wameinama. Nilikabidhiwa mota ya vaibreta: kazi yangu ni kuibeba na kumfuata fundi, yeye anashika mpira wenye sindano ya chuma na kuutumbukiza kwenye zege ili literemke kati ya nondo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinionyesha kwa kidole: sindano inaingia, zege linatetemeka kama uji, mapovu yanapanda. Mapovu yakiisha, itoe. Ukiicheleweshea, kokoto zinazama chini, maji yanakuja juu, na hapo umeharibu. Ukiitoa upesi, mashimo yanabaki ndani, yataonekana mbao zikibanduliwa, kama nyumba ya nyuki.

Buti za mpira zilikuwa hazitoshi. Mimi nilikuwa na kandambili. Kwa saa ya kwanza saruji ilikuwa baridi tu kati ya vidole, hata nikaiona nzuri.

Kuna wakati gari moja lilikawia, tukasimama. Nikageuka. Upande mmoja taa zilitambaa mpaka kwenye maji tuliyovuka jioni, na ng'ambo yake mwanga mwekundu wa ule mji mwingine, wenyewe. Upande wa pili kilima cha Kharghar, cheusi, hakina hata taa moja. Nilitazama kilima kwa muda mrefu zaidi.

"Wa wapi?" fundi akauliza.

"Darbhanga."

"Mimi Siwan." Akanusa. "Nani amelala na mafuta yangu?"

Mfunga nondo, nilikosea, hafungi nondo peke yake. Wakiwa wanamwaga wanampa vaibreta. Na kweli ni mfupi.

Ijumaa, kabla ya saa mbili

Tulimaliza saa kumi alfajiri. Walileta chai na lile bonge la viazi lililokaangwa, likabanwa ndani ya skonzi na chatine ya vitunguu saumu. Nilikula mawili bila kutafuna sana. Mtu wa Siwan akateremka nami, akaingia kitandani mwake, akageukia ukuta. Hakuna aliyesema kitanda ni zamu ya nani. Nimekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndipo ninapoandikia.

Miguu inawaka. Saruji huuma baadaye, si wakati ule. Ngozi kati ya vidole imekuwa nyeupe, imelainika, na mahali pawili inatoka damu. Baba mdogo aliimwagia maji ndoo mbili, akafuta, akapaka mafuta ya haradali yaliyobaki ya satu. "Jumapili, kharchi ya kwanza, buti," akasema. Basi 700 zimeshapata kazi.

Mkadamu alipita na kitabu chake kwapani. Ni kijana, ana saa kubwa. Nikasimama.

"Bwana, na ya usiku?"

"Usiku gani?"

"Jamvi. Tangu saa tano."

"Wewe si umefika leo?"

"Jana."

"Kitabuni unaanza leo." Akanitazama miguu. "Haya, nusu. Nitaiandika." Akaenda zake. Kitabu hakukifungua.

Baba mdogo alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti, akasikia yote. Alitema, akaniuliza niandike tarehe gani. Nikasema ya leo, kama alivyosema mkadamu, maana kazi iliisha leo. Akatikisa kichwa. Kazi ilianza Alhamisi. Nikiiandika Ijumaa, itamezwa na hajiri ya leo, mtu ataona Ijumaa moja na nusu na kusema nilizidisha.

Kisha akaingiza mkono kwenye mkunjo wa lungi na kutoa karatasi ya waridi iliyolowa, imekunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya hati ya gari la zege, zile ambazo dereva humpa karani na nyingine hutupwa chini ngazini. Imepigwa chapa: tarehe ya Alhamisi, saa 23:40, ghorofa ya 14.

"Uliiokota lini?"

"Ulipokuwa unatazama kilima."

Mpishi ameshapika wali wa asubuhi. Nimeomba punje chache, nikazisaga kwa kidole gumba, nikaibandika karatasi ile kwenye ukurasa wa kwanza upande wa mbele. Chini yake nimeandika: Alhamisi, nusu. Wali haujakauka, kwa hiyo nimeliacha daftari wazi juani, na bati linapigwa tena.